Gurudumu linaloendeshwa na gurudumu huru: lipi linasukuma gari, na lipi ukalichague kwa mlima wa tope

Shemeji yangu analima kabichi bondeni, huko Lushoto, na kutoka shambani hadi barabara kuu kuna mlima wa udongo mwekundu ambao wakati wa masika unakuwa kama umepakwa sabuni. Alikuwa na pesa ya gari moja dogo la mtumba, na macho yake yalikuwa kwenye mawili: Probox inayovuta kwa magurudumu ya mbele, au kirikuu inayosukuma kwa ya nyuma. Akaniuliza, "Shemeji, wewe uliyesoma fizikia, hebu niambie ipi ina nguvu." Nikamwambia swali hilo limepinda. Kwenye tope injini siyo inayoamua. Kinachoamua ni gurudumu lipi limepewa kazi, na uzito umekaa wapi.

Kabla ya kuchagua gari, inabidi kwanza kuyalinganisha magurudumu yenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapokosea, hata tuliowahi kufaulu mtihani.

Chukua baiskeli. Gurudumu la nyuma lina mnyororo, la mbele halina kitu. Ukikanyaga pedali, mnyororo unalazimisha gurudumu la nyuma lizunguke. Sehemu ya chini ya tairi, ile inayogusa ardhi, inataka kurudi nyuma. Ardhi inakataa, inalisukuma tairi mbele. Msukumo huo wa ardhi ndio unaopeleka baiskeli. Miguu yako peke yake haiwezi kukupeleka popote: inua gurudumu la nyuma kwa stendi, ukanyage utakavyo, utabaki palepale.

Gurudumu la mbele habari yake ni nyingine. Hakuna anayelizungusha. Fremu inasukuma ekseli yake kwenda mbele, basi. Kama ardhi ingekuwa barafu tupu, gurudumu hilo lingeteleza tu bila kuzunguka, kama sahani inayosukumwa juu ya meza. Linazunguka kwa sababu ardhi inaishika sehemu ya chini ya tairi na kuivuta nyuma, huku ekseli juu yake ikisonga mbele. Kwa hiyo msuguano wa ardhi kwenye gurudumu huru unaelekea nyuma, na kwenye gurudumu linaloendeshwa unaelekea mbele. Chombo kimoja, barabara moja, wakati mmoja, mishale miwili inayopingana.

Hapa ndipo ile kauli ya darasani, kwamba msuguano hupinga mwendo, inapowapoteza watu. Mwanafunzi anaona gari linakwenda mbele, anachora mishale yote ikielekea nyuma, halafu anabaki hajui gari linasukumwa na nini. Msuguano haupingi mwendo wa gari. Unapinga mtelezo wa pale tairi linapogusana na ardhi. Ukitaka kujua mshale uelekee wapi, ondoa msuguano akilini kwa muda na ujiulize sehemu ya chini ya tairi ingeteleza kuelekea wapi. Ya gurudumu linaloendeshwa ingeteleza nyuma, kwa hiyo msuguano uko mbele. Ya gurudumu huru ingeteleza mbele, kwa hiyo msuguano uko nyuma.

Tope linakuandikia jibu hilohilo. Gurudumu linaloendeshwa likianza kuteleza linachimba shimo na kurusha udongo nyuma. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili anayesimama nyuma ya gari lililonasa huku dereva akikanyaga mafuta. Gurudumu huru likigoma kuzunguka, tuseme breki imebana, linasukuma kijirundo cha tope mbele yake.

Mishale hiyo miwili haina ukubwa sawa hata kidogo. Tuifuate nguvu kutoka kwenye injini hadi ardhini, tuone.

Nimetengeneza gari dogo la mfano: kilo 1,200 pamoja na dereva, tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.3, injini inayotoa torki ya Nm 100. Torki ni nguvu ya kuzungusha tu. Ile unayoiweka kwenye spana ukifungua nati za gurudumu ni torki vilevile, na fundi akiongeza bomba kwenye spana anaongeza torki bila kuongeza misuli. Giaboksi inafanya kazi ya lile bomba. Gia ya kwanza ya gari letu inazidisha mara 3.5, na difu inazidisha tena mara 4, jumla mara 14. Asilimia 10 hivi inapotea kwenye meno na oili. Kwa hiyo torki inayofika kwenye ekseli ni 100 × 14 × 0.9, yaani Nm 1,260.

Torki hiyo haijawa msukumo bado. Inageuka msukumo inapofika ukingo wa tairi, na hapo tunagawanya kwa nusu kipenyo: 1,260 ÷ 0.3 ni nyutoni 4,200. Tairi linaisukuma ardhi nyuma kwa karibu 4,200, ukiondoa kidogo kinachotumika kuyachapusha magurudumu yenyewe, na ardhi inalisukuma tairi mbele kwa kiasi hichohicho. Ukitaka njia ya mkato kwa gari hili, kwenye gia ya kwanza kila Nm 1 ya injini inakupa nyutoni 42 barabarani. Kwenye gia ya pili, yenye kuzidisha mara 2, inakupa 24. Namba hizi mbili tutazihitaji tukifika mlimani.

Sasa gurudumu huru. Gari likiondoka kwa nguvu hiyo kwenye lami, linachapuka kwa takriban mita 3.4 kwa sekunde kila sekunde. Magurudumu mawili yasiyoendeshwa lazima yaongeze kasi ya kuzunguka pamoja nalo, na anayeyazungusha ni ardhi. Kwa gurudumu la kawaida la gari dogo, hesabu inatoa nyutoni 38 hivi kwa kila moja, yaani 76 kwa yote mawili. Elfu nne na mia mbili upande mmoja, sabini na sita upande wa pili. Mwendo ukitulia na gari likaenda kasi ileile, hata hizo 76 zinapotea. Unabaki mkwamo mdogo wa beringi na wa mpira wa tairi unaobonyea na kujinyoosha kila unapozunguka.

Nikiwa hapa niseme jambo la gereji. Kwa kuwa gurudumu huru linadai kidogo namna hiyo, likianza kudai kikubwa ujue lina ugonjwa. Breki iliyobana ikishikilia ekseli kwa Nm 30 tu, ardhi italazimika kulivuta gurudumu hilo nyuma kwa nyutoni 100 zaidi, safari nzima, na mafuta yako ndiyo yanayolipa. Baada ya mwendo mrefu ambao hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne bila kugusa. Inayotoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndiyo yenye kesi.

Turudi mlimani, maana shemeji halimi kwenye lami.

Ardhi ina kikomo cha msukumo inayoweza kurudisha. Kikomo hicho ni uzito uliokaa juu ya tairi, ukizidisha kwa namba ya mshiko wa ardhi. Kwenye lami kavu namba hiyo ni kama 0.8. Kwenye mlima wa shemeji uliolowa nimeikadiria 0.35. Angalia vizuri neno kikomo: si kwamba msuguano una ukubwa huo kila wakati. Ardhi inarudisha kile inachosukumwa, si zaidi, mpaka kikomo kifike. Ukivuka, tairi linateleza, na likiteleza mshiko unapungua zaidi kuliko ulivyokuwa.

Nyutoni 4,200 za injini, basi, ni ahadi. Anayelipa ni ardhi, na analipa kwa kadiri ya uzito ulioko juu ya gurudumu linaloendeshwa. Uzito ulio juu ya gurudumu huru hausaidii kusukuma hata chembe. Ni mzigo wa kubebwa tu.

Gari letu tupu lina asilimia 60 ya uzito mbele, kwa sababu injini iko huko, na 40 nyuma. Mlima una mwinamo wa digrii 8. Gari linapopanda, sehemu ya uzito inahamia magurudumu ya nyuma. Kwa urefu na kimo cha gari hili inahama nyutoni 353. Ili kupanda bila kusimama linahitaji msukumo wa nyutoni 2,103: 1,637 za kuushinda mlima na 466 za kuvuta magurudumu ndani ya tope laini. Halafu tupakie kilo 400 za kabichi, zote zikae juu ya ekseli ya nyuma. Mahitaji yanapanda kufika 2,804, na uzito unaohama unakuwa 471.

Nimefanya hesabu mara mbili kwa gari hilohilo, mara ya kwanza likivuta mbele, mara ya pili likisukuma nyuma:

| Hali | Msukumo unaohitajika | Kikomo likivuta mbele | Kikomo likisukuma nyuma |
|---|---|---|---|
| Tupu | N 2,103 | N 2,322, linapanda | N 1,754, linanasa |
| Kilo 400 nyuma | N 2,804 | N 2,281, linanasa | N 3,154, linapanda |

Mimi mwenyewe nilirudia hesabu hii, maana jinsi ilivyogeuka ilikuwa kama kiinimacho. Injini ni ileile, tairi ni zilezile, tope ni lilelile. Gari tupu, la mbele linashinda. Ukilipakia, la nyuma linashinda. Kabichi zenyewe, ambazo ni mzigo wa kupandishwa, ndizo zinazolibonyeza gurudumu linaloendeshwa likapata mshiko. Kwenye gari linalovuta mbele, kabichi hizohizo zimekalia magurudumu huru, zinaongeza deni bila kuongeza kipato.

Madereva wa huko hawakuhitaji hesabu hizi kulijua hilo. Pikapu tupu inayosukuma nyuma inajulikana kwa kucheza mkia kwenye utelezi, na ikipakiwa inatulia. Hesabu inachosaidia ni kuonyesha sababu, na sababu ikijulikana unaweza kuichezea.

Mwenye Probox afanye nini, kwa mfano? Kwanza asogeze mzigo mbele. Akikunja viti vya nyuma na kubana magunia nyuma ya viti vya mbele hadi robo ya uzito wake ifike ekseli ya mbele, kikomo kinapanda kutoka 2,281 hadi 2,620. Bado hakijafika 2,804. Lakini akigeuza gari na kupanda kinyumenyume, uzito unaohama unaangukia magurudumu ya mbele, ambayo sasa yako upande wa chini, na kikomo kinafika 2,950. Anapita. Watu wanacheka wakiona gari linapanda mlima kwa rivasi, lakini anayecheka aangalie nani amefika juu. Shingo itauma, na barabara nyembamba yenye korongo pembeni si mahali pa kujifunzia.

La pili ni mguu. Gari tupu linalovuta mbele linahitaji 2,103 na kikomo chake ni 2,322. Kwenye gia ya kwanza, kwa nyutoni 42 kwa kila Nm, maana yake injini itoe kati ya Nm 50 na 55. Chini ya 50 gari halisogei, juu ya 55 tairi linachimba. Uwanja wa Nm 5 tu kwa mguu wenye buti la tope! Gia ya pili uwanja unakuwa Nm 88 hadi 97, karibu mara mbili, na hata ukikanyaga hadi mwisho unapata 2,400, kidogo tu juu ya kikomo. Ndiyo maana wazee wa usukani wanasema kwenye utelezi ondoka na gia ya pili. Gia ya pili haina nguvu zaidi. Ni dhaifu, na udhaifu huo ndio faida yake hapo. Masharti ni kwamba injini isikabwe ikazimika, kwa hiyo mwinamo ukiwa mkali kuliko huu utalazimika kurudi kwenye ya kwanza na kukanyaga kama unakanyaga yai.

Kuna jambo jingine linaloyasumbua magari yote mawili kwa usawa, nalo ni difu. Difu ya kawaida inagawa torki nusu kwa nusu kwa magurudumu yake mawili, daima. Gurudumu la kushoto likiingia kwenye dimbwi linaloweza kurudisha nyutoni 300 tu, la kulia nalo litapata 300 tu, hata kama limekaa juu ya jiwe kavu. Jumla 600, na gari limesimama huku gurudumu moja likizunguka kama feni. Ukiona moja linazunguka na mwenzake ametulia, usiongeze mafuta. Gurudumu lililotulia halijaharibika, linangoja mwenzake apate mshiko. Tupia mawe au matawi chini ya lile linalozunguka, si chini ya lile lililotulia.

Gari linaloendesha magurudumu yote manne linaimaliza mada ya kupanda, hilo sikatai. Halina gurudumu huru, kila kilo iliyomo inafanya kazi ya kubonyeza gurudumu linaloendeshwa, na kikomo cha gari letu lenye mzigo kingekuwa nyutoni 5,434 dhidi ya mahitaji ya 2,804. Lakini bei, mafuta, difu mbili na propela za kutunza, vyote vinatoka mfukoni kwa mwaka mzima kwa ajili ya mlima mmoja wa miezi michache. Shemeji aliliondoa kwenye orodha kabla sijamaliza kusema.

Kuteremka ndiko watu wanakokusahau. Ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia ndogo, magurudumu yanaigeukia injini: sasa gari ndilo linaloizungusha, na mshale wa msuguano kwenye gurudumu linaloendeshwa unageuka kuelekea nyuma. Inaitwa breki ya injini, na inafanya kazi kwenye magurudumu yanayoendeshwa peke yake. Kwa gari tupu linalosukuma nyuma, hilo ni gurudumu lenye uzito mdogo, na mteremko umeshalipunguzia tena. Shusha gia ghafla hapo, tairi za nyuma zinateleza, na mkia unataka kukupita. Linalovuta mbele linapunguza mwendo kwa magurudumu yenye uzito, kwa hiyo mkia unafuata kwa adabu, ingawa ukizidisha, usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari linakwenda moja kwa moja hata kama umelikata kona.

Sasa uchaguzi. Kama gari lako linabeba watu wawili na vitu vidogo, au safari zako nyingi za tope unakwenda tupu, chukua linalovuta mbele. Halina propela ya kupita chini, sakafu iko chini zaidi, na uzito wa injini umekaa pale kazi inapofanyika. Ubaya wake ni kwamba tairi za mbele zinasukuma, zinakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, kwa hiyo zinaisha mapema kuliko za nyuma. Zizungushe kabla hazijapishana mno. Na kofia za shafti za mbele zikipasuka tope likaingia, utasikia kakaka-kakaka ukikata kona, na hapo bei imeshapanda.

Kama unapanda na mzigo, chukua linalosukuma nyuma, na usilihukumu kwa jinsi linavyocheza likiwa tupu kwenye siku ya kulijaribu. Mwuzaji mmoja alimpeleka shemeji kwenye uwanja wenye matope kuonyesha kwamba kirikuu ni dhaifu na Probox ni imara, yote mawili yakiwa matupu. Alikuwa anasema kweli kuhusu gari ambalo shemeji asingelitumia kamwe.

Maana safari ya shemeji iko hivi: anateremka bondeni asubuhi akiwa tupu, anapanda mchana akiwa na kabichi. Tulikaa kwenye benchi na kalamu, tukaandika namba za mlima wake, akatazama ile safu ya mwisho ya jedwali kwa muda. "Kwa hiyo kabichi ndizo zinasukuma?" Nikamwambia, hapana, ardhi ndiyo inayosukuma, kabichi zinaishikisha tairi.

Alinunua kirikuu. Kwa kuteremka asubuhi anaweka magunia mawili ya mchanga juu kabisa ya ekseli ya nyuma, kilo mia moja hivi, akifika shambani anayashusha chini ya mti na kupakia kabichi mahali pake. Jioni, gari likiwa barabara kuu, mchanga uko bondeni; kwa hiyo ana magunia mengine mawili kwa dada yake huko juu, na kijana wa kazi amelalamika mara kadhaa kwamba kila wiki magunia yote manne yanajikuta upande mmoja wa mlima.